Muziki unaohema na bei isiyosikika: kuweka sauti ya mtangazaji juu ya muziki katika tangazo la redio

*Shikamoo fundi. Niko Kigoma mjini, natengeneza matangazo ya redio kwa programu ya Audacity. Nina tangazo la sekunde 30 la duka la taa za sola za wavuvi wa dagaa, lina maneno 84, na muziki nimeushusha kwa Auto Duck, kifaa chake kinachoushusha muziki chenyewe mtangazaji anaposema, nikiacha namba zake kama zilivyo. Muziki unapanda na kushuka kama mtu anayehema, na wateja wanaofika dukani wanataja bei ya elfu tisini wakati tangazo linasema elfu sitini. Nikishusha muziki zaidi, mwenye duka anasema tangazo limepoa. Nifanye nini? Nimekutumia faili la sauti na la muziki.*

Marahaba, mdogo wangu. Nimeyafungua mafaili yote mawili, nimeyapima, kisha nikatengeneza upya tangazo lako kwa namba ulizotumia ili nisikie kile wanachosikia wavuvi. Malalamiko yako ni mawili na kila moja lina chanzo chake. Kuhema kwa muziki kunatokana na muda, yaani ni lini muziki unaruhusiwa kupanda tena baada ya mtangazaji kunyamaza. Kupotea kwa bei kunatokana zaidi na tofauti ya nguvu kati ya sauti na muziki, pamoja na sehemu ya mawimbi ambayo vitu hivyo viwili vinaigombania. Nitaanza na tofauti ya nguvu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaotumia Auto Duck wanapopotoka bila kujua.

Kisanduku kilichoandikwa `Duck amount` kinakuja na -12, na ni rahisi kuamini kwamba namba hiyo inaufanya muziki uwe chini ya sauti kwa desibeli 12. Sivyo. Namba hiyo inaushusha muziki kutoka pale ulipokuwa, na haijui kabisa sauti yako iko wapi. Nilipopima, wastani wa nguvu ya muziki wako ulikuwa desibeli -14, jambo la kawaida kwa muziki uliokwisha kubanwa ili usikike mkubwa, na wastani wa sauti ya mtangazaji ulikuwa -21. Kumbuka kwamba katika kipimo hiki sifuri ndiyo kilele, na kadiri namba inavyozidi kwenda chini ya sifuri ndivyo sauti inavyokuwa ndogo. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote muziki ulikuwa umeizidi sauti kwa desibeli 7. Auto Duck ikaushusha kwa 12, ukafika -26, na tofauti uliyoipata ni desibeli 5 tu. Desibeli 5 hazitoshi kumfanya mtu aliye katika kelele atambue kila silabi, ingawa wewe unayejua maneno yote kwa moyo unaweza kuapa kwamba unasikia kila kitu.

Tenganisha basi mambo mawili ambayo umeyafunga pamoja: muziki ukae wapi tangazo zima, na ushuke kiasi gani mtangazaji anapoanza kusema. La kwanza ni uamuzi wako unaoufanya kabla ya kufungua Auto Duck. Chagua traki yote ya muziki, ipitishe kwenye `Amplify`, uishushe kwa desibeli 8, nayo itakaa -22, kisha uweke nakala yake pembeni. Usitumie kitelezi cha pembeni mwa traki kwa kazi hii, kwa sababu ni vizuri faili lenyewe libadilike, ili vipimo utakavyofanya baadaye visome kile kile unachokisikia. Ukishafanya hivyo, hata zile -12 ulizoziacha zitaupeleka muziki hadi -34 wakati wa maneno. Na sauti nayo ikipandishwa hadi -18, jambo nitakalolieleza hivi punde, tofauti yako itakuwa desibeli 16. Ni kitu kingine kabisa kuliko 5, na umekipata bila kuzidisha ule mruko wa kushuka na kupanda ambao ndio unaosikika kama kuhema.

Ili usitegemee sikio peke yake, Audacity ina kifaa kiitwacho `Contrast` ndani ya menyu ya `Analyze`. Unachagua kipande cha sauti ya mtangazaji, unakipima kama `Foreground`, kisha unachagua kipande cha muziki cha muda ule ule, unakipima kama `Background`, na kifaa kinakupa tofauti ya wastani wao kwa desibeli. Usishtuke kikikuandikia kwamba umeshindwa. Kifaa hicho kinafuata mwongozo wa WCAG wa tovuti, unaotaka sauti za nyuma ziwe chini ya maneno kwa angalau desibeli 20 ili hata watu wenye usikivu hafifu waelewe. Tangazo la redio halibanwi na mwongozo huo, na likikaa 20 kuanzia mwanzo hadi mwisho ndipo mwenye duka atakapokuambia kwamba limepoa, na atakuwa na haki. Mimi hulenga 15 hadi 16 katika maneno ya kawaida na 20 pale inapotajwa bei na namba ya simu. Kwa maoni yangu huo ndio mgawanyo wa haki kati ya mvuto wa muziki na kueleweka kwa habari.

Sasa sauti yenyewe. Auto Duck inaisikiliza sauti ya mtangazaji ili ijue lini iushushe muziki, kwa hiyo sauti isiyotengenezwa huipa amri mbaya. Mtangazaji wako ana sauti nzuri, lakini anafanya kama wengi wetu tunavyofanya katika Kiswahili: anaanza sentensi kwa nguvu na kuishusha mwishoni, na neno "tu" linalofunga sentensi ya bei linamtoka karibu kama mnong'ono. Nilipolipima, kipande cha "-tini tu" kilikuwa karibu na desibeli -33. Kiwango ulichokiacha kwenye `Threshold` ni -30. Maana yake ni kwamba Auto Duck iliamini mtangazaji amekwisha kunyamaza wakati bado yuko katikati ya neno "sitini", ikaanza kuurudisha muziki juu kwa muda wa nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo ndiyo iliyobeba bei. Kati ya makosa yote ya tangazo lako, hili ndilo lililonihuzunisha zaidi, kwa sababu chombo ulichokiweka kiilinde bei ndicho kilichoifunika.

Dawa yake ni kuitengeneza sauti kwanza, na Auto Duck baadaye. Ondoa mngurumo wa chini ya hezi 80 kwa `High-Pass Filter`, kisha ipitishe sauti kwenye kompresa, yaani kifaa cha kubana sauti inayovuka kiwango ulichokiweka, yenye uwiano wa 3 kwa 1, ukiiweka iguse maneno yenye nguvu na kuyaacha yale dhaifu, halafu uipandishe yote mpaka wastani wake ufike karibu na -18. Vilele visivuke -3. Maneno makubwa yatakuwa yamebanwa na madogo yatakuwa yamepanda. Katika faili lako "-tini tu" ilitoka -33 ikafika takriban -28, na hapo inasikika kama neno kamili. Fanya haya yote kupitia menyu ya `Effect`, ili faili libadilike kweli kabla Auto Duck haijaisoma sauti hiyo.

Kompresa hupandisha pia kelele za chumba, na hapa inabidi uwe mwangalifu unapochagua `Threshold`. Chumba chako kina feni. Ilikuwa -56 kabla ya kompresa na ikawa karibu -50 baadaye. Silabi dhaifu kuliko zote iko -28. Weka kiwango katikati ya vitu hivyo viwili, mimi niliweka -38, na utakuwa na nafasi ya desibeli 10 upande wa silabi na 12 upande wa feni. Ukikishusha kiwango hadi kikaribie kelele ya feni, Auto Duck itadhani kwamba kuna mtu anasema muda wote na muziki hautapanda hata mara moja, hata pale ulipotaka upande. Ukikipandisha sana, utarudi kwenye kosa la kula mwisho wa sentensi. Dalili ya kosa la kwanza ni muziki uliolala tu tangu mtangazaji afungue kinywa. Dalili ya la pili ni muziki unaoinuka kabla ya silabi ya mwisho. Msimu wa mvua, ukirekodi chini ya bati, pima upya kelele ya chumba kila siku ya kazi, kwa kuwa kiwango kilichofaa jana kinaweza kisifae leo.

Tuje kwenye kuhema. Nimehesabu mapumziko ya mtangazaji wako na nimekuta manne yenye urefu wa kati ya sekunde 1.1 na 1.4. Kwenye Auto Duck kuna kisanduku cha `Maximum pause` ambacho kwako kiko 1, na maana yake ni kwamba kimya chochote kinachozidi sekunde moja kinahesabiwa kuwa ruhusa kwa muziki kupanda. Chukua pumziko lako la sekunde 1.3: muziki unatumia nusu sekunde kupanda, unakaa juu kwa sehemu tatu za kumi za sekunde, kisha unatumia nusu sekunde nyingine kushuka. Hakuna sikio linaloweza kuufurahia muziki uliokaa juu kwa muda mfupi hivyo. Linachosikia ni mwendo wenyewe, yaani kupanda na kushuka, na jambo hilo likitokea mara nne katika nusu dakika ndipo linapofanana na mtu aliyepanda mlima. Kisanduku hicho hakipaswi kuwa kifupi kuliko jumla ya muda wa kushuka na wa kupanda, na ukiangalia utaona kwamba namba zilizokuja na programu zimekaa pale pale kwenye mpaka: nusu sekunde na nusu sekunde, jumla sekunde moja.

Hizi ndizo namba nilizotumia kwenye faili lako:

```
Duck amount:             -12 dB
Maximum pause:           2.0 s
Outer fade down length:  0.4 s
Outer fade up length:    1.0 s
Inner fade down length:  0.0 s
Inner fade up length:    0.0 s
Threshold:               -38 dB
```

Neno `Outer` linamaanisha kwamba badiliko linafanyika nje ya maneno: muziki huanza kushuka sehemu nne za kumi za sekunde kabla ya mtangazaji kuanza, na huanza kupanda baada ya yeye kumaliza. Auto Duck inaweza kufanya hivyo kwa sababu inalisoma faili lote kwanza, na kwa hiyo inajua neno litaanza lini. Mtu anayeendesha mitambo hewani hana bahati hiyo. Kompresa yake huamshwa na neno lenyewe, na ndiyo maana silabi ya kwanza huzama kidogo asipoifanya iitikie kwa kasi ya milisekunde 10 hadi 20. `Inner` ni badiliko linalofanyika ndani ya maneno, na katika tangazo lenye bei na namba ya simu sioni sababu ya kuliruhusu, kwa kuwa linaushusha muziki wakati neno limekwisha kuanza na kuupandisha kabla halijaisha. Kupanda nimekupa sekunde nzima kwa sababu muziki unaorudi polepole hauvuti sikio, ilhali ule unaoruka husikika kama mlango uliofunguliwa ghafla. Usisahau mpangilio wa traki: sauti iwe chini ya muziki, ikifuatana nao moja kwa moja, na uwe umechagua muziki peke yake unapoifungua Auto Duck.

Kwa namba hizo mapumziko yote manne yatakuwa mafupi kuliko sekunde 2, na muziki utatulia chini. Kuhema kutakwisha, lakini mwenye duka atarudi kulalamika kwamba tangazo limepoa, na safari hii suluhisho haliko kwenye Audacity bali kwenye karatasi. Maneno 84 katika sekunde 30 ni mengi mno kwa Kiswahili, ambacho maneno yake ni marefu. Mtangazaji anakimbia, na hakuna mahali ambapo muziki unaweza kusimama peke yake. Nimeyapunguza hadi 58. Nimeondoa "duka lako pendwa", nimeondoa orodha ya vitu vingine ambavyo mvuvi haji kuvinunua kwa sababu ya tangazo hili, na nimebakiza taa, mahali duka lilipo, bei na simu. Kwa nafasi iliyopatikana, muziki unafungua peke yake kwa sekunde 2 na nusu, mtangazaji anazungumza kuhusu taa, kisha pale sekunde ya 12 anakaa kimya kwa makusudi kwa sekunde 2 na nusu. Kimya hicho kinazidi `Maximum pause`, kwa hiyo muziki unapanda kwa sekunde moja, unasimama juu kwa zaidi ya sekunde moja, unashuka kwa sehemu nne za kumi, na ndipo bei inapotajwa. Mwishoni unapewa sekunde 2 za kufunga. Muziki sasa unapanda mara moja tu katikati, lakini unapanda kweli, na msikilizaji anaupata kuliko alivyoupata katika vile vipande vinne. Isitoshe, kushuka kwake kabla tu ya bei kunamfanya mtu ategee sikio bila kuambiwa.

Nije kwenye "sitini" na "tisini". Nililifahamu tatizo hili kwa uchungu. Nikiwa Tabora niliwahi kutengeneza tangazo la mizinga ya nyuki lililokuwa na bei hiyo hiyo, na kwa wiki mbili watu walifika wakitaja tisini, wengine bila shaka hawakufika kabisa kwa kuwa waliona bei ni kubwa, na mteja wangu akalazimika kulipia wiki nyingine. Yatamke maneno hayo mawili polepole. Irabu zake ni zile zile, i mara tatu, na n iko mahali pale pale. Kinachoyatofautisha ni kwamba moja linaanza na s likifuatiwa na t, na jingine linaanza na t likifuatiwa na s. Irabu ndizo zenye nguvu nyingi katika usemi, nazo nguvu yake kubwa iko chini, lakini hapa hazisaidii kitu. Tofauti nzima ya shilingi elfu 30 imebebwa na s, ambayo ni mvumo mwembamba wa hewa ulioko hasa kati ya hezi 4,000 na 8,000, na t, ambayo ni mlipuko mdogo usiodumu hata sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Sasa usikilize muziki wako peke yake. Una kayamba inayopigwa mfululizo, na sauti ya kayamba ni "s" isiyokoma, iliyoko mahali pale pale. Unaweza kuushusha muziki wote mpaka gitaa na besi visisikike, na bado kayamba ikaendelea kuitafuna s ya "sitini", kwa kuwa s yenyewe ni dhaifu kuliko irabu zinazoizunguka na wastani unaoupima hauionyeshi. Hii ndiyo sababu kushusha zaidi hakukusaidia na badala yake kuliua ladha. Badala ya kushusha vyote, shusha kile kinachogombana. Fungua `Filter Curve EQ` kwenye traki ya muziki, chora bonde pana la desibeli 4 kuanzia hezi 2,000 hadi 4,000, ambapo konsonanti nyingi huelewekea, kisha endelea nalo hadi 8,000 kwa desibeli 6 kwa ajili ya kayamba. Usifanye bonde jembamba lenye kuta wima. Muziki utasikika kana kwamba unatoka ndani ya mtungi. Besi na ngoma ziache kama zilivyo, maana hizo ndizo zinazompa mwenye duka lile joto analolitaka, na haziigusi s wala t. Ungekuwa umetumia muziki wenye maneno ya kuimbwa ningekuambia uubadilishe mara moja, kwani maneno mawili ya Kiswahili yanayosikika kwa pamoja hayatenganishwi na bonde lolote.

Baada ya hapo ishughulikie bei kwa mkono. Chukua `Envelope Tool`, nenda kwenye sekunde zinazobeba bei na namba ya simu, na uushushe muziki desibeli 4 nyingine, ukianza mteremko nusu sekunde kabla. Utafika -38 dhidi ya -18 ya sauti, yaani ile tofauti ya 20 niliyokuambia. Kwa kuwa muziki tayari uko chini, hakuna atakayesikia hatua hiyo ndogo. Nakushauri pia umwambie mtangazaji arudie bei: "shilingi elfu sitini, elfu sitini." Neno "tu" liondoke kabisa, kwa sababu linavuta sauti chini pale pale unapotaka iwe juu. Kwa tangazo fupi hivi naamini kwamba mashine hufanya kazi ya kwanza na mkono humalizia. Auto Duck haijui kwamba neno moja katika tangazo lina thamani kuliko mengine 57.

Kuna jambo moja ambalo hulisikii ukiwa studio, nalo ni mitambo ya kituo cha redio. Kabla sauti haijafika kwenye mnara, vituo huipitisha kwenye kifaa cha kubana kinachoshusha vilivyo vikubwa na kupandisha vilivyo vidogo, ili redio isikike kwa nguvu moja garini na sokoni. Tufanye hesabu kwenye karatasi: kifaa kikianza kubana kwenye -30 kwa uwiano wa 4 kwa 1, sauti yako ya -18 imekivuka kwa desibeli 12, itaruhusiwa 3 tu kati ya hizo, na itatoka ikiwa -27. Muziki ulioko -34 haujafika kwenye kiwango hicho, kwa hiyo mtangazaji anapokata pumzi muziki unabaki -34. Tofauti ya 16 uliyoihangaikia imekuwa 7 katika kila pengo kati ya maneno. Wakati neno lenyewe linasikika vyote viwili hushushwa pamoja, kwa hiyo hapo hujapoteza; lakini vifaa vingi vya vituo hubana kila sehemu ya mawimbi peke yake, na kwa hiyo sehemu ya juu, ambapo mtangazaji ana s chache na kayamba ipo muda wote, inaweza kupandishwa kwa ajili ya kayamba. Lile bonde kwenye muziki linakulinda hapa kuliko kushusha kokote.

Ijaribu hali hiyo nyumbani. Hifadhi mradi wako, tengeneza nakala ya tangazo lililokwisha kuchanganywa, ipitishe nakala hiyo kwenye kompresa yenye -30 na 4 kwa 1, ipandishe irudi kwenye nguvu yake, uibadilishe iwe mono, kisha isikilize. Ukisikia muziki umeanza tena kuhema, irudie Auto Duck juu ya ile nakala ya muziki uliyoiweka pembeni, ukiishusha `Duck amount` kidogo kidogo chini ya -12 hadi muziki utulie, na ulipime tena. Nakala hiyo ni ya majaribio peke yake. Ile unayoipeleka kituoni isibanwe tena kwa ujumla wake, kwa kuwa watakuja kuibana wenyewe, na kubana mara mbili hurudisha kila ulichokiondoa.

Jaribio la mwisho lifanye mahali tangazo litakaposikika. Usitumie hedifoni zako. Weka faili kwenye simu ndogo yenye spika moja, ambayo besi karibu haisikiki na inachobakiza ni sehemu ile ile ya katikati na ya juu tuliyoihangaikia, uende Kibirizi asubuhi mitumbwi inapoingia na injini hazijazimwa. Mtafute mtu ambaye hajawahi kulisikia tangazo wala kuona maandishi yake, mchezeshee mara moja, kisha mwombe akuandikie au akutajie bei na namba ya simu. Usimuulize kama amesikia vizuri, kwa sababu kwa heshima atakuambia ndiyo. Fanya hivyo kwa watu watano au sita. Akikosea mmoja namba ya simu, kasi ya kuitamka ndiyo ya kurekebisha. Wakitaja tisini hata wawili ilhali tofauti kwenye bei tayari ni 20, acha kuugusa muziki. Kosa liko kwenye matamshi, na dawa ni kumrudisha mtangazaji kwenye kipaza sauti, umweke pembeni kidogo ili pumzi isikipige, umwombe aitamke s ya "sitini" kwa urefu zaidi ya kawaida yake, kisha uliweke neno hilo mahali pa lile la zamani, na uipitishe tena Auto Duck juu ya nakala ya muziki ambayo ilikuwa haijaguswa na Auto Duck.